Baruapepe ya kwanza kwa mnunuzi Mfaransa asiyekujua: utambulisho, ishara au swali?

Kahawa iko ghalani Moshi, na mbele yako una orodha ya wakaangaji wa Ufaransa uliyoichambua mwenyewe kutoka kwenye tovuti zao. Hamjawahi kuonana, hawajakutafuta, na wengi wao wana anayewauzia tayari. Unataka kuwaandikia kwa Kifaransa barua ambayo mtu akiifungua ataona imeandikwa kwa ajili yake, wala hataihesabu pamoja na zile zinazomwagwa kwa watu mia tano kwa mkupuo.

Nimesoma na kusahihisha barua nyingi za namna hii za vyama vya ushirika na wasafirishaji wadogo, na karibu zote huangukia katika mojawapo ya aina tatu. Ya kwanza ni barua ya utambulisho: inaeleza sisi ni nani na tunauza nini. Ya pili naiita barua ya ishara: inaanza na jambo ulilolikuta kwenye kazi ya msomaji mwenyewe. Ya tatu ni barua ya swali: inauliza jambo moja tu, kisha inanyamaza. Nitazilinganisha kwa mfano wa kahawa kwa sababu ndio ninaoujua kwa undani, lakini anayeuza vanila ya Uganda au anayetafuta mawakala wa safari wa Paris atajiona humu.

Vipimo vinne

Kipimo cha kwanza ni sababu. Je, katika sentensi mbili za mwanzo msomaji anaona kwa nini ameandikiwa yeye na si mwingine? Kuna njia rahisi ya kujua. Futa jina la kampuni yake kwenye barua, weka la jirani yake. Sentensi ikibaki kuwa kweli, bado hujaandika sababu. « J'ai beaucoup aimé votre site », yaani nimeipenda sana tovuti yako, ni sifa inayomfaa yeyote mwenye tovuti, na Mfaransa ameshaisoma mara nyingi mno. Lakini ukimwambia kwamba kwenye orodha yake umeona kahawa mbili za Ethiopia na moja ya Kenya, zote zilizooshwa, hapo umesema jambo ambalo jirani yake hawezi kulipokea.

Sababu ina upande mwingine ambao watu huusahau, nao ni kiasi. Kontena la futi 20 hubeba magunia 320 hivi ya kilo 60, yaani tani 19 na ushee. Mkaangaji mwenye duka moja Lyon hununua gunia tano, kumi, mara nyingi kutoka kwa muagizaji aliyekwisha kulipia meli, bima na ghala. Ukimwandikia Kifaransa kitamu kuliko vyote kisha ukamtajia kontena, umemwonyesha kwamba hukumtazama. Barua isiyo na makosa hata moja ya lugha inaweza kumsumbua mtu kwa sababu hiyo peke yake.

Kipimo cha pili ni ukubwa wa ombi. Mtu asiyekujua akiulizwa kama Jumanne saa nane mchana ana nafasi ya kuzungumza kwa simu robo saa, anaona unampangia siku. Akiulizwa kama angependa kuonja gramu 300 za kahawa mbichi, anaweza kujibu kwa neno moja akiwa amesimama kando ya mashine yake ya kukaangia.

Kipimo cha tatu ni sauti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo Waswahili tunapoteleza kwa namna yetu. Sisi tumezoea kumjulia mtu hali kabla ya shida yetu, na kwetu ni adabu kweli kweli. Salamu hizo zikihamishiwa kwenye Kifaransa cha biashara, mstari wa kwanza unajaa afya ya msomaji na ya familia yake, mambo ambayo Mfaransa hayazungumzi na mgeni. Anahisi umeingia hadi sebuleni bila hodi. Wengine huchukua salamu ya Kiingereza na kuigeuza neno kwa neno, « J'espère que ce mail vous trouve en bonne santé », na Mfaransa anatambua papo hapo kwamba barua imetoka kwenye kiolezo cha lugha nyingine. Ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura wana tatizo tofauti. Kifaransa wanakijua vizuri, ila wamekikuta kwenye ofisi za serikali, kwa hiyo huanza na « J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute bienveillance ». Huko ni maombi halali kwa mkuu wa ofisi. Mkaangaji wa Nantes akiyasoma anajiona amepandishwa cheo asichokiomba, na anaanza kujiuliza unataka nini kwake.

Sauti inayokubalika ni fupi na iliyonyooka. « Bonjour Madame, » au « Bonjour Monsieur, » ukiongeza jina la ukoo ukilijua. Tumia « vous » daima, hata kama tovuti yake inawaita wateja « tu ». Jina la kwanza liache mpaka yeye atie sahihi kwa jina lake la kwanza. Mwishoni « Bien cordialement, » inatosha. Ule mkia mrefu wa « Je vous prie d'agréer » ni wa barua rasmi za karatasi. Kisha kuna vitu vidogo vya macho: mstari wa mada huanza na herufi kubwa moja tu, kabla ya alama ya kuuliza na ya nukta pacha huwekwa nafasi, na mlima wetu kwa Kifaransa huandikwa « Kilimandjaro ». Hakuna atakayekununia kwa nafasi iliyokosekana, lakini mada yenye herufi kubwa kwenye kila neno hunuka tangazo kabla haijafunguliwa.

Kipimo cha nne ni gharama yako, yaani muda unaoingia katika barua moja. Ukiwa na wasomaji wanane unaweza kuandika barua nane. Ukiwa na mia mbili, huwezi, na ukijilazimisha utaanza kughushi.

Barua ya utambulisho

Sababu. Hii ndiyo dhaifu zaidi kwa kipimo cha kwanza, maana inamzungumzia mwandishi. Lakini udhaifu huo hupungua sana ukiondoa historia ya chama na kuweka mambo ambayo mnunuzi wa kahawa huyatumia kuamua. Linganisha. Mwanzo wa kawaida ni « Nous avons le plaisir de vous présenter notre coopérative, leader dans son domaine », sentensi isiyo na habari ndani yake. Mwanzo unaofaa ni huu:

> Madame, Monsieur,
> Nous exportons du café vert arabica lavé, cultivé entre 1 400 et 1 700 mètres sur les pentes du Kilimandjaro. Trois lots de la récolte en cours sont disponibles, à partir de 10 sacs de 60 kg. Si un importateur vous fournit déjà, nous pouvons passer par lui.

Hapa msomaji amepata aina, namna ya uchakataji, mwinuko, kiasi cha chini na njia ya kununua. Ile sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inaonyesha unajua jinsi yeye anavyonunua: kahawa itakuja na mzigo wa muagizaji wake, wala hatalazimika kujifunza forodha. Iandike tu kama ni kweli. Ahadi ya gunia kumi bila muagizaji wa kuzibeba itakuangusha kwenye barua ya pili.

Sauti. Ni aina pekee ambayo « Madame, Monsieur, » inakaa vizuri, kwa kuwa inakwenda kwa anwani ya ofisi kama contact@ au achats@ na hujui nani ataifungua.

Ombi. Liwe dogo au lisiwepo kabisa. Inatosha kusema kwamba maelezo ya kila fungu yako tayari akiyahitaji. Usiambatishe katalogi ya megabaiti nane. Kiambatisho kutoka kwa mgeni huogopwa, na vichujio vya barua taka huviogopa zaidi. Weka mistari mitatu ya mafungu ndani ya barua yenyewe.

Gharama. Ndogo. Unaandika mara moja kwa makini, unampa mtu aliyezaliwa na Kifaransa aisome, kisha unaituma kwa wengi.

Inapoharibika utaiona hivi: majibu yanakuja, lakini yanauliza mambo ambayo barua ilipaswa kuyajibu, kama vile kiasi cha chini au bandari. Ukimya kamili ni dalili nyingine, kwamba imekwenda kwa watu wasionunua kahawa mbichi kabisa. Ufaransa kuna mikahawa mingi yenye maneno ya ukaangaji ukutani ambayo hununua kahawa iliyokwisha kukaangwa.

Inawafaa waagizaji na kampuni zenye idara ya manunuzi. Mtu wa manunuzi wa kampuni ya Le Havre, bandari ambayo kahawa nyingi ya Ufaransa imepitia kwa vizazi, hapendi kubembelezwa. Anataka kujua una nini, kiasi gani, na lini.

Barua ya ishara

Sababu. Hapa ndipo aina hii inapozishinda nyingine, na hapa hapa ndipo inapoweza kuwa ya kuudhi kuliko zote. Ishara ni jambo ulilolikuta kwenye kazi ya msomaji linalofanya bidhaa yako iwe na maana kwake sasa hivi. Tumchukue mkaangaji wetu wa Lyon. Kwenye tovuti yake orodha ya kahawa iko wazi: Ethiopia mbili, Kenya moja, Kolombia moja, na maelezo kwamba anapenda kahawa angavu za Afrika Mashariki zilizooshwa. Hiyo ya Kolombia ni ya punje ya mviringo, ile inayokaa peke yake ndani ya tunda, ambayo sisi tunaiweka daraja la PB na Wafaransa wanaiita « caracoli ». Kwa kahawa zake za Afrika punje hiyo haipo. Chama chako kimetenga magunia machache ya PB ya msimu huu. Hiyo ni ishara safi, maana inatoka kwenye orodha yake na inaishia ghalani kwako bila kurukaruka.

> Objet : Caracoli lavé du Kilimandjaro, quelques sacs
>
> Bonjour Madame,
> Votre carte réunit deux cafés d'Éthiopie et un du Kenya, tous lavés, ainsi qu'un caracoli de Colombie. Notre coopérative a mis de côté douze sacs de caracoli lavé, cultivé vers 1 600 mètres sur les pentes du Kilimandjaro.
> Puis-je vous en envoyer 300 grammes à goûter ? Si vous achetez par un importateur, dites-moi lequel et je verrai avec lui.
> Bien cordialement,

Tazama inavyokwenda. Sentensi ya kwanza ni ya kwake. Ya pili ni ya kwako, lakini kila neno ndani yake linajibu la kwanza: PB kwa PB, iliyooshwa kwa zilizooshwa, Afrika Mashariki kwa Afrika Mashariki. Haimwambii kwamba orodha yake ina pengo. Nimeona rasimu iliyosema « il vous manque un café de Tanzanie », unakosa kahawa ya Tanzania, na mwenye duka hapendi kuambiwa na mgeni kinachomkosa. Eleza alichonacho kwa usahihi, weka chako kando yake, mwachie yeye aone.

Mpaka wa aina hii ni chanzo cha ishara. Kilichowekwa hadharani kwa ajili ya kazi kinaruhusiwa: orodha ya bidhaa, tangazo la kufungua duka la pili, ushiriki katika maonyesho ya biashara, mahojiano aliyoyatoa kuhusu anavyochagua kahawa. Kilichoonekana kwa bahati kwenye maisha yake hakiruhusiwi hata kama kiko wazi mtandaoni: likizo yake, watoto, siku yake ya kuzaliwa. Pia usimwambie kamwe kwamba umeona amefungua barua yako iliyopita. Huenda programu yako inakuonyesha hivyo, lakini kumtajia ni kumwambia kwamba unamchungulia. Hila nyingine ya kuacha ni kuanza mada na « Re : » ili ionekane mliwahi kuandikiana. Mtu huifungua kweli, na akigundua, hata kahawa nzuri haimrudishi.

Ishara pia huchacha. Orodha ya duka la kahawa hubadilika kila msimu, kwa hiyo itazame tena siku ile ile unayotuma. Ukimsifia kahawa ya Kenya aliyoimaliza miezi miwili iliyopita, barua yako inasomeka kama ya orodha ya zamani, na ndivyo ilivyo.

Sauti. Kwa kuwa unamwandikia mtu mmoja, utavutwa kuwa rafiki. Jizuie. Ukaribu wa barua hii uko kwenye usahihi wa habari. Maneno yenyewe yabaki ya adabu ya kawaida.

Ombi. Sampuli ni ombi linalolingana na sababu. Bei usiitaje mpaka aulize, lakini iwe tayari, maana akijibu atauliza hiyo kwanza. Vivyo hivyo uwe tayari na viwianishi vya mashamba, yaani namba za ramani zinazoonyesha yalipo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazohusishwa na ukataji misitu, namba 2023/1115, inaigusa kahawa. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa zaidi ya mara moja, ila wanunuzi wameshaanza kuulizia. Ukiwa na viwianishi hivyo, sentensi moja kwenye barua ya pili itamtua mzigo. Kwenye ya kwanza ingemzibia kahawa.

Gharama. Kubwa. Barua moja inaweza kukulia nusu saa ya kusoma tovuti kwa mistari mitano ya kuandika, na sampuli zenyewe zinalipiwa kwa kampuni ya vifurushi kila mmoja akikubali. Ndiyo maana watu hughushi: hutengeneza kiolezo chenye nafasi ya jina la mji na jina la duka, wakaviita ishara. « Étant à Lyon, vous savez combien la qualité compte » si ishara. Ni jina la mji lililopachikwa.

Inawafaa wakaangaji wadogo na wa kati wanaochagua kahawa kwa kuonja, na inamfaa mwandishi mwenye kitu chache na cha pekee. Mwenye tani mia za daraja la kawaida atapoteza muda wake hapa.

Barua ya swali

Sababu. Swali lenyewe ndilo sababu, kama ni swali ambalo kweli hujui jibu lake na msomaji analijua. Mara nyingi ni hili: ananunuaje?

> Objet : Vos achats de café vert
>
> Bonjour Monsieur,
> Achetez-vous votre café vert auprès des coopératives, ou seulement par un importateur ? Nous vendons du Kilimandjaro lavé et je préfère le savoir avant de vous envoyer quoi que ce soit.
> Un mot suffit.
> Bien cordialement,

Kinachoigeuza kuwa usumbufu ni swali la uongo. « Souhaitez-vous améliorer vos marges ? » ni tangazo lililovaa alama ya kuuliza, kwa kuwa hakuna atakayejibu hapana. Jiulize: akijibu hapana, kuna kitu utafanya tofauti? Kwa swali la muagizaji, ndiyo. Akisema ananunua kwa muagizaji tu, utamwandikia muagizaji. Basi swali ni la kweli, na msomaji analihisi.

Sauti. Ufupi wake ni faida, lakini Kifaransa kifupi kupita kiasi husikika kama amri. « Je préfère le savoir » inalainisha kwa kueleza kwa nini unauliza. Ukiiondoa, swali linabaki limekauka kama la mkaguzi.

Ombi. Ndogo kuliko zote. Ndiyo au hapana, au jina la mtu mwingine, kwa kuwa mara nyingi barua itapelekwa kwa mwenzake anayehusika, na barua ya mistari mitatu ni rahisi kuipeleka mbele.

Gharama. Ya kati. Lazima uhakikishe jibu haliko kwenye tovuti yake. Akiwa ameandika wazi kwamba hununua kutoka vyama vya ushirika pekee, kisha umuulize, umemwambia kwamba hukusoma.

Inamfaa anayeingia soko asilolijua, na inafaa kwa kampuni ambayo kutoka nje huoni nani anaamua. Haifai ukiwa na kitu kinachoisha haraka. Kusubiri jibu la swali kabla ya kutaja magunia yako kunaweza kukulia msimu.

Mstari ambao zote tatu zinauhitaji

Sheria ya Ufaransa haijakataza kumwandikia mtu wa kazi asiyekujua. Mamlaka ya huko ya kulinda taarifa binafsi, CNIL, inatenganisha mtu wa kawaida na mtaalamu. Wa kawaida lazima awe amekubali kabla hujamwandikia. Mtaalamu unaweza kumwandikia bila ridhaa ya awali, mradi jambo lihusu kazi yake, ajulishwe kwamba anwani yake inatumika hivyo, na aweze kukataa kwa urahisi bila gharama. Anwani za jumla za kampuni, mfano contact@, hazihesabiwi kuwa za mtu. Kanuni ya Ulaya ya taarifa binafsi, RGPD kwa Kifaransa, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inaweza kukugusa hata ukiwa Moshi pale unapowatolea bidhaa watu walio ndani ya Umoja wa Ulaya.

Haya yote hukaa kwenye sentensi mbili chini ya sahihi:

> J'ai trouvé votre adresse sur la page contact de votre site. Si le sujet ne vous concerne pas, répondez simplement « non » et je ne vous écrirai plus.

Wengi huiona kama takwa la kisheria la kufichwa kwa maandishi madogo. Mimi naiweka kwa ukubwa uleule wa barua, kwa sababu inajibu swali la kwanza la kila anayeandikiwa na mgeni: umenipata wapi? Ukishindwa kuandika sentensi hiyo kwa ukweli, kwa mfano kwa kuwa anwani umeinunua kwenye orodha, hapo umeshajua tatizo liko wapi. Na aliyejibu « non » mwandike kwenye daftari la waliokataa, lisomwe kabla ya kila utumaji.

Kukumbushia, na kalenda

Kumbushia mara moja, baada ya siku saba hadi kumi, na uwe na kipya: sampuli zimeshapimwa, magunia yamebaki sita. « Je me permets de revenir vers vous » ni adabu, ila peke yake haibebi kitu. Iepuke « Sauf erreur de ma part, je n'ai pas eu de retour de votre part », maana inamkumbusha deni asilokukopa.

Agosti acha. Maduka mengi madogo ya Ufaransa hufunga kwa wiki kadhaa, na barua yako itasomwa Septemba ikiwa chini ya rundo. Mei ina sikukuu za tarehe 1 na 8 na, mara nyingi, Kupaa kwa Bwana, na watu huunganisha siku. Novemba na Desemba mkaangaji anakaanga kahawa ya zawadi za Krismasi na hana mkono wa kuandika. Uvunaji wa kaskazini mwa Tanzania huanza karibu Julai na kuendelea hadi mwisho wa mwaka, kwa hiyo Oktoba unaweza kutaja mafungu ya kwanza, na Januari na Februari una picha kamili ya msimu na yeye ana meza tupu.

Chagua kwa hali yako

Una kahawa nyingi ya daraja la kawaida, na orodha yako ni ya waagizaji: andika utambulisho, takwimu mbele, bila sifa. Mpe mtu wa Kifaransa aupitie, utume kwa anwani za idara.

Una magunia machache ya kitu cha pekee, na umeshawatambua wakaangaji kumi wanaoweza kukipenda: andika ishara, moja moja, na usianze ya pili kabla hujaridhika na ya kwanza. Wakifika thelathini, punguza orodha badala ya kupunguza kusoma.

Hujui kama wakaangaji wa ukubwa fulani hununua moja kwa moja: anza na swali kwa wachache wao. Majibu yao yatakuambia orodha iliyobaki iandikiwe utambulisho kupitia muagizaji, au ishara.

Umekuta ishara nzuri lakini hujui nani anaamua: changanya. Sentensi ya kwanza ya ishara, kisha swali la nani wa kumwandikia. Usiongeze ombi la sampuli juu yake; maombi mawili kwenye barua ya kwanza humfanya msomaji aahirishe yote.

Na kama Kifaransa chako ni cha kuunga unga na huna wa kukusahihishia, chagua swali. Mistari mitatu unaweza kuihakiki neno kwa neno. Uwe tu na mtu wa kukusaidia siku majibu yatakapokuja, kwa sababu mkaangaji aliyependa swali lako atakuandikia aya nne kuhusu unyevu wa punje, tarehe ya kukoboa na jinsi gunia lilivyohifadhiwa.